UZI: Video ya chukudu ina sauti sita lakini bado imekufa. Kosa liko wapi?

Ndosho_Montaji (Goma)
Jambo wote. Niko na video ya sekunde 38: chukudu ya mbao ya magurudumu mawili iliyobeba makala ya kupikia inashuka barabara ya mawe ya lava mpaka sokoni. Ilichukuliwa kwa telefone, upepo wa ziwa ukapiga mikro hadi hakuna cha kuokoa, kwa hiyo sauti ya asili nimeifuta yote. Kuna plani nne: ya mbali sekunde 12, gurudumu karibu kabisa sekunde 6, mgongo wa dereva sekunde 10, na mwisho anashusha magunia sekunde 10. Nimeweka sauti sita: ambiansi ya mji kutoka mtandaoni, gurudumu la mkokoteni, hatua, upepo, ndege na watu wa soko. Kila moja ikiwa peke yake ni nzuri. Zikiwa pamoja zinaelea juu ya picha, haziingii ndani. Kosa ni sauti zenyewe, ni volumu, ama ni kitu kingine?

Kadutu_7 (Bukavu)
Ni riverbu inakosekana. Sauti za mtandaoni zimerekodiwa kavu, kila moja mahali pake. Weka riverbu moja juu ya traki zote sita, zitakaa pamoja.

Furaha_wa_Himbi (Goma)
Ndugu, kwa nini ujisumbue? Kuna aplikesheni za kusafisha upepo. Rudisha sauti ya asili, isafishe, weka na muziki kidogo chini.

Ndosho_Montaji
@Furaha_wa_Himbi asante, lakini sauti ya asili haipo tena, na muziki sitaki. Ninataka mtu asikie barabara.

Sauti_ya_Ziwa (Goma)
Kadutu_7, hapo uko sawa nusu. Riverbu moja huunganisha sauti kama tukio liko ndani ya chumba, kwa sababu kuta zilezile zinarudisha sauti zote. Barabara ya Ndosho ni wazi. Hakuna dari, nyumba ni za mbao, sauti inaondoka na sehemu kubwa hairudi. Ukimwagia riverbu, sikio litasikia ukumbi ambao jicho haliuoni, na utengano utazidi.

Ndosho, nijibu kwanza jambo moja: ambiansi yako inakatika pale picha inapokatika?

Ndosho_Montaji
Ndiyo, yaya. Plani ya mbali ina mji na ndege. Kwenye gurudumu nimeondoa mji, nimeacha gurudumu peke yake. Kwenye mgongo nimeweka upepo. Mwisho, watu wa soko.

Sauti_ya_Ziwa
Basi ugonjwa mkubwa uko hapo, kabla hatujafika kwenye gurudumu.

Picha inaruka kutoka mbali kwenda karibu kwa fremu moja, na mtazamaji anakubali. Anakubali kwa sababu sikio linamwambia kwamba hajahama: mji ni uleule, wakati ni uleule. Ukikata hewa ya mahali, yaani ambiansi, pamoja na picha, unamwambia mara nne kwamba amepelekwa kwingine. Vipande vinne, hewa nne, ndiyo maana kila kitu kinaelea.

Fanya hivi. Zima traki zote. Lala ambiansi moja tu kutoka sekunde ya 0 hadi ya 38, bila kukatika, na iendelee sekunde mbili hivi baada ya picha kuisha ili uizime polepole. Kwenye plani ya gurudumu usiiondoe, ishushe desibeli 3 tu, kisha irudishe. Sauti ya soko isianze pale plani ya nne inapoanza. Ianze chini kabisa katikati ya plani ya mgongo, ipande taratibu kwa sekunde tano au sita, kwa sababu yule dereva analikaribia soko. Sikio lifike kabla ya jicho. Ukimaliza, fumba macho usikilize yote. Kama unaweza kusema picha imekatika wapi, bado hujamaliza.

Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Hiyo ya kufumba macho ni kweli kabisa. Mi niko na swali karibu na hilo: niko na video ya droni, inapita juu ya kile kilima cha masalio ya kiwanda hapa Lubumbashi. Droni haina mikro, video iko kimya kabisa. Sasa hewa ya mahali ni ya wapi? Ya chini kwenye barabara ama ya juu kwenye kamera?

Kadutu_7
Ya juu. Upepo tu.

Sauti_ya_Ziwa
@Mwana_Katuba tutarudi kwako, ni swali lenye majibu zaidi ya moja. Tumalize chukudu kwanza.

Ndosho_Montaji
Nimejaribu ambiansi moja. Tofauti ni kubwa sana, sikutegemea. Lakini faili yangu ni ya sekunde 20, nimeirudia, na kuna honi ya pikipiki ambayo inarudi tena. Nikiijua siwezi kuacha kuisikia.

Mama_Traki (Bukavu)
Honi inayorudi kila sekunde 20 inavunja kila kitu, hata mtu asiyejua montaji ataihisi. Dawa yake: kwanza kata honi, mbwa, kicheko, chochote chenye sura. Bakiza ule mvumo usio na sura. Halafu gawa kipande katikati, badilisha nusu zake nafasi: ya pili iende mbele, ya kwanza nyuma. Sasa mwanzo na mwisho wa faili ni sehemu zilizokuwa zimeshikana tangu rekodi, kwa hiyo zikirudiwa haziruki. Kiungo kibaya kimehamia katikati, na pale unaweka fondu ya sekunde 2, nusu moja ikififia huku nyingine ikiingia.

Fondu yenyewe iwe ile ya nguvu sawa. Katika Audacity, `Crossfade Tracks` ina chaguo la `Constant Power 1`. Ukitumia ya mstari ulionyooka, katikati ya fondu kila upande uko nusu, na kwa sauti mbili zisizofanana zikijumlishwa unapoteza kama desibeli 3. Utasikia mji umevuta pumzi ndani. Watu wengi husikia lile shimo wakafikiri ni faili mbovu.

Baada ya hapo honi uliyoikata irudishe kwa mkono, mara moja tu, mahali unapotaka.

Bahati_Reporter (Goma)
Samahani kuingilia. Hii video inakwenda wapi? Kama ni ya habari, sikubaliani na uzi huu wote. Sauti ya kutengeneza chini ya picha ya kweli ni kumdanganya mtu.

Ndosho_Montaji
Si habari, ni filamu fupi ya mtaa.

Mama_Traki
Kwa habari mimi ningeweka hewa ya mahali palepale iliyorekodiwa siku ileile, basi. Gurudumu la kutengeneza hapana.

Bahati_Reporter
Hata hewa, kama mtazamaji hajaambiwa, kwangu ni tatizo. Lakini kwa filamu endeleeni.

Sauti_ya_Ziwa
Tuje kwenye gurudumu. Ndosho, uliandika gurudumu la mkokoteni. Ninafikiri una rekodi ya mkokoteni wa farasi, gurudumu lenye chuma pembeni?

Ndosho_Montaji
Ndiyo. Ndiyo iliyopatikana.

Sauti_ya_Ziwa
Chukudu haina chuma pale. Gurudumu ni la mbao, limevishwa ukanda wa tairi kuukuu. Kwa hiyo hakuna mlio wa chuma kwenye jiwe. Kuna mpira unaosaga changarawe, kuna kishindo kifupi cha mbao gurudumu likiruka jiwe, na juu yake kuna mzigo. Mtu wa Goma anajua sauti hiyo hata usingizini. Ukimpa farasi, anacheka.

Tengeneza vitu vitatu, kila kimoja traki yake.

Cha kwanza ni msago. Jaza beseni pana changarawe ya lava, ile nyeusi yenye matundu, kina cha vidole viwili. Juu weka kipande cha tairi, kikandamize kwa uzito wa mwili, kisukume mbele bila kunyanyua. Lava ni nyepesi na ina makali, inalia kavu kuliko kokoto za ziwa, kwa hiyo usizibadilishe. Telefone iwe sentimita 20 hadi 30, pembeni, si juu, ili vumbi na pumzi yako visiingie.

Cha pili ni kishindo. Kigoda cha mbao nzito kikipigwa na kipande kingine cha mbao kupitia kitambaa kilichokunjwa. Bila kitambaa utasikia mlango unabishwa. Usiweke kishindo kwenye kila jiwe unaloliona. Chagua yale ambapo mkono wa usukani unaruka, jicho linaangalia pale.

Cha tatu ni mzigo, na hiki ndicho watu husahau. Makala yakisuguana ndani ya gunia yana mlio mwembamba, karibu na kigae. Shika gunia dogo lenye robo tu ya makala, litikise kidogo baada ya kila kishindo, kwa kuchelewa fremu 2 au 3. Mzigo huitikia nyuma ya gurudumu, hauruki pamoja nalo. Ule ucheleweshaji ndio unaompa mtazamaji uzito.

Kadutu_7
Kwa uzito si ni rahisi kushusha toni ya kishindo? Semitoni nne chini na besi juu.

Mama_Traki
Kushusha toni sawa, semitoni 3 au 4 inafaa. Besi hapana, kama watu wataangalia kwenye telefone. Spika ndogo karibu hazitoi kitu chini ya hezi 200. Utaongeza besi hadi kipimo kiwe chekundu na kwenye telefone hakuna atakayesikia badiliko. Tafuta uzito kati ya hezi 250 na 500, halafu uache ule ucheleweshaji aliousema yaya ufanye kazi.

Na ambiansi ya stereo, isikilize kwa mono kabla ya kumaliza. Kuna faili za mtandaoni zimepanuliwa pembeni kwa nguvu, zikijumlishwa kwenye spika moja nusu ya mji inatoweka.

Furaha_wa_Himbi
Nimerekodi changarawe kama mulivyosema, nikamtumia rafiki kwa WhatsApp. Kwake inasikika ya hovyo kabisa.

Mama_Traki
Usirekodi kwa voisi ya WhatsApp, inabana sauti kwa ajili ya maneno ya mtu, na changarawe ndiyo ya kwanza kufa. Rekodi WAV kwa aplikesheni ya kurekodi, kilohezi 48, kisha itume kama dokumenti.

Ndosho_Montaji
Traki tatu nimezipata. Nilicheza video kwenye telefone na nikasukuma tairi nikiiangalia. Shida mpya: kwenye kompyuta vishindo vya mwanzo vinalingana na picha, lakini kwenye plani ya mgongo vinachelewa, kama robo ya sekunde. Baadaye vinakaribia tena.

Kadutu_7
Hiyo ninaijua. Telefone ilirekodi kilohezi 44.1, mradi wako ni 48. Badilisha.

Sauti_ya_Ziwa
Kadutu, piga hesabu. Faili ya 44.1 ikichezwa kimakosa kama 48, inakimbia kwa karibu asilimia 9. Kwa sekunde 38 ingepotea zaidi ya sekunde 3, na sauti ingepanda karibu semitoni moja na nusu. Yeye ana robo ya sekunde, na anasema inarudi. Kosa la kilohezi halirudi, linazidi tu.

Ninashuku fremu zisizo sawa. Telefone nyingi hazirekodi fremu kwa mwendo mmoja. Mwanga ukipungua au simu ikipata joto, inapunguza fremu, baadaye inaongeza. Telefone ikiicheza yenyewe inafuata saa ya kila fremu, kwa hiyo wewe ulisukuma tairi kwa wakati wa kweli. Programu ya montaji kwenye kompyuta ikizigawa fremu zote kwa mwendo mmoja wa wastani, picha inateleza huku na huku chini ya sauti. Angalia hivi:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=r_frame_rate,avg_frame_rate -of default=nw=1 video.mp4
```

Namba mbili zikitofautiana, shuku hilo. Linyooshe kabla ya kukata chochote:

```
ffmpeg -i video.mp4 -vf fps=25 -c:v libx264 -crf 18 -an sawa.mp4
```

Hiyo `-an` inaondoa sauti ya asili kama bado imo, wewe huihitaji.

Ndosho_Montaji
Moja inasema 30/1, nyingine iko kwenye 27 na kitu. Nimenyoosha. Vishindo vimerudi mahali pao kwenye plani tatu. Ya kwanza, ile ya mbali, bado ninahisi kitu hakiko sawa hata kama kila kishindo kiko kwenye fremu yake.

Mama_Traki
Chukudu iko mbali kiasi gani pale?

Ndosho_Montaji
Mita 60, labda 70.

Mama_Traki
Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde. Mita 68 ni sehemu ya tano ya sekunde, fremu 5 katika 25. Ukiibana kwenye fremu yake, unaambia sikio kwamba chukudu iko mbele ya pua. Isogeze nyuma fremu 2 au 3, si zote tano.

Bahati_Reporter
Kwa nini si zote? Ndiyo fizikia.

Mama_Traki
Kwa sababu mtazamaji wa skrini anafikiri ni kosa la montaji. Kuna pendekezo la ITU, BT.1359, linaloonyesha watu huanza kugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa hawagundui hadi ifike 125 hivi. Fremu 3 ni milisekunde 120, uko ndani bado. Na kumbuka upande wake: ukikosea, kosea kwa kuchelewa. Sauti inayotangulia picha haina mahali inapotokea katika dunia hii.

Sauti_ya_Ziwa
Mimi kwa plani ya mbali ningeacha vishindo kabisa. Kwa mita 60 katikati ya mji huvisikii. Acha msago tu, chini sana, uingie ukisikika kwa shida kwenye sekunde ya 8 au ya 9.

Kadutu_7
Na ukate sauti za juu, hewa inazila.

Sauti_ya_Ziwa
Hewa inakula kidogo kwa umbali huo. Kwa mita 60, hata kwenye kilohezi 8, ni desibeli 6 hivi kwa hali ya hewa ya kawaida, na chini ya hapo ni kidogo zaidi. Kinachosaliti rekodi ya karibu ni ule undani wake, kila chembe ya changarawe inasikika. Rekodi beseni tena ukiwa umeweka telefone mita 6 au 7, nje uani. Itafaa kuliko kichujio chochote.

Mama_Traki
Hapo sisi wawili hatukubaliani. Uani utaleta majirani na jogoo ndani ya rekodi. Kichujio kinachoanza kushuka kwenye kilohezi 4, pamoja na volumu chini, kinatosha kwa sekunde 12.

Mwana_Katuba
Na mimi na droni yangu?

Sauti_ya_Ziwa
Haya. Kwa maoni yangu fuata jicho. Kama kamera inaonyesha watu na magari chini, tupe mji kutoka mbali: honi moja moja, mbwa, nyundo kwenye bati. Sauti zenye makali hupanda, mazungumzo hayapandi. Upepo uwe mwembamba, usijaze.

Mama_Traki
Kwangu droni haina sikio, kwa hiyo hakuna ukweli wa kufuata. Ningechukua hewa ya plani inayokuja baada yake na kuianzisha tayari juu ya droni. Kama baada ya kilima unaingia katika karakana, karakana ianze ukiwa bado angani.

Mwana_Katuba
Baada yake njo kuna mtu anapita kwenye majani makavu. Nitajaribu zote mbili. Na ndege? Niliweka ndege, mtu mmoja akaniambia si ndege ya hapa.

Bahati_Reporter
Faili nyingi za bure zimerekodiwa Ulaya. Goma mtu anategemea kunguru na mwewe juu ya paa, akisikia ndege wa msitu wa baridi atajua tu, hata asipoweza kulitaja jina lake. Hata watu wa soko: kama neno moja linasikika na si Kiswahili wala Kifaransa wala lugha ya jirani, umekwisha.

Ndosho_Montaji
Ndege nimeondoa, nimeweka kunguru mmoja. Watu wa soko nitarekodi mwenyewe Virunga, nje ya lango, maneno yasisikike. Swali la mwisho: mlio wa ekseli kwenye plani ya gurudumu. Nimepata kwiiki nzuri ya bawaba ya mlango, nimeirudia sekunde zote 6. Inasikika kama mashine.

Sauti_ya_Ziwa
Hesabu mzunguko. Tafuta alama kwenye gurudumu, msumari au doa, na uhesabu fremu kutoka alama ikiwa juu hadi irudi juu.

Ndosho_Montaji
Fremu 8 mwanzoni. Mwishoni wa plani ni 11.

Sauti_ya_Ziwa
Unaona? Fremu 8 ni sekunde 0.32, mizunguko mitatu kila sekunde. Gurudumu la sentimita 40 likizunguka hivyo linakwenda karibu mita 4 kwa sekunde. Halafu dereva anabana ile breki ya mpira kwa mguu, mzunguko unafika sekunde 0.44. Kwiiki yako imebaki palepale wakati gurudumu linapunguza mwendo. Weka kila moja kwa mkono, moja kwa kila mzunguko, na ruka moja mara kwa mara. Pale anapobana breki, ongeza mpira unaokwaruza, mrefu, bila kwiiki.

Kadutu_7
Lakini chukudu yenye mzigo hailii kwenye ekseli. Inalia pale usukani unapoungana na ubao. Hiyo haifuati mzunguko, inafuata mashimo.

Mama_Traki
Kwenye chukudu kavu isiyopakwa mafuta, zote mbili zinalia.

Kadutu_7
Basi aende asimame kwenye mteremko wowote mchana, asikilize kumi zikipita.

Sauti_ya_Ziwa
Aende na telefone, arekodi, asisahau dakika mbili za hewa tupu kabla ya kuondoka.